Wanasema nimekula pesa za chama: nijibu ama ninyamaze?

"Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 20 hapa Kaptembwo, Nakuru. Kila Jumapili kila mmoja anatoa shilingi 500 na mmoja wetu anapokea. Mwezi wa tano watatu walichelewa, nikamkalia mwenzetu pesa yake mpaka Alhamisi ndipo ikakamilika. Wiki hiyo hiyo friji niliyokuwa nalipia polepole ikaletwa. Basi ikasemwa nimekula pesa. Sasa wameongeza kwamba natembea na mwenye ploti, ndiyo maana sifungiwi nyumba nikichelewa kodi. Nikifika mferejini wananyamaza. Mume wangu yuko kazini Naivasha na ameanza kuniuliza maswali. Nimeandika ujumbe mrefu wa kuweka kwa grupu, bado sijautuma. Nijibu ama ninyamaze? Na nikinyamaza, si wataona ni kweli?"

Dada, usiutume huo ujumbe. Unakili kwenye karatasi, halafu uufute kwenye simu ili kidole kisije kikakuponyoka saa sita usiku. Hiyo karatasi ina kazi yake, tutaifikia.

Unauliza swali moja, lakini yanayosemwa juu yako ni maneno ya aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Maneno ya pesa lazima uyajibu, tena upesi, kwa sababu pesa ni zao na uliyewekewa ni wewe. Maneno ya mwenye ploti usiyajibu mbele ya watu hata kidogo, kwa sababu hayawahusu na huna karatasi ya kuyamaliza. Ujumbe wako, nina hakika, umeyachanganya yote mawili. Ukiutuma, lile jambo unaloweza kulithibitisha kwa daftari litazama ndani ya lile ambalo hakuna binadamu anayeweza kulithibitisha, na wiki ijayo hakuna atakayekuwa anaongea habari ya daftari.

Kwanza tuangalie uvumi huu ulizaliwaje, maana hapo ndipo jibu lilipo. Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza kwamba uvumi unahitaji vitu viwili kwa pamoja: jambo lenyewe liwe kubwa kwa wanaolisikia, na habari zake ziwe na giza. Walisisitiza kwamba vitu hivyo viwili havijumlishwi, vinazidishwa. Yaani kimoja kikiwa sifuri, uvumi haupo, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Sasa tazama siku zako nne, kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi. Shilingi 10,000 kwa mama anayeuza mboga si jambo dogo. Huenda alishaahidi karo au mzigo wa sukuma. Na katika siku hizo nne hukumwambia mtu pesa ziko wapi. Ulikuwa unangoja zikamilike, nia yako ilikuwa njema, lakini upande wa pili kulikuwa na giza tupu. Watu hawawezi kukaa na swali kubwa lisilo na jibu. Wakikosa jibu watalitengeneza kwa chochote kilicho karibu, na kilichokuwa karibu wiki hiyo kilikuwa friji lako likishushwa kwenye mkokoteni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokwambia hii yote ni wivu na fitina. Huenda wapo wenye wivu, chama gani hakina? Lakini wengi wa wale 20 hawakuwa wanakuchukia. Walikuwa wanauliza pesa zao ziko wapi, ila waliulizana wao kwa wao badala ya kukuuliza wewe. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa uamuzi wako, kwa sababu mwenye swali hunyamazishwa na jibu, na mwenye chuki hanyamazishwi na chochote. Ukiwajibu wote kana kwamba wana chuki, utawageuza wenye maswali wawe maadui.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti hao waliliona. Walimwonyesha mtu picha, akamweleza wa pili ambaye hakuiona, wa pili akamweleza wa tatu, ikaendelea hivyo. Baada ya kupita vinywa vitano au sita, karibu asilimia 70 ya mambo yaliyokuwa kwenye picha yalikuwa yamepotea, na machache yaliyobaki yalikuwa yamenolewa yakawa makali kuliko mwanzo. Habari yako imepitia njia hiyo hiyo. Kwamba watatu walichelewa, limepotea. Kwamba mwenzenu alilipwa pesa zote Alhamisi, limepotea pia. Kilichobaki ni mweka hazina na friji. Hakuna aliyekaa chini akapanga uongo huo. Umejitengeneza kwa kupita mdomo hadi mdomo.

Na hapa nikuonye kuhusu jambo ambalo karibu kila mtu anayekuja kwangu na shida hii amelijaribu au anapanga kulijaribu, nalo ni kumtafuta aliyeanzisha. Unamwendea mmoja: "Nasikia ulisema nimekula pesa?" Anakana, anakutajia mwingine. Unamwendea huyo, anakana, anakutajia wa tatu. Ukifika kwa wa tano umeshapeleka maneno hayo kwa wawili ambao hawakuwa wameyasikia, na wewe mwenyewe ndiye uliyeyabeba. Tena wote watano wana habari mpya ya kueleza jioni: jinsi ulivyokuja mlangoni ukitetemeka. Mwanzilishi kwa kawaida hapatikani, na hata akipatikana utakuta alisema kitu kidogo tu, pengine, "Wiki hii pesa imechelewa, na mwenzetu ana friji mpya." Ukimkabili kwa hilo utashindwa, kwa sababu yote mawili ni kweli.

Ujumbe wa grupu una kasoro ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sentensi ikirudiwa rudiwa watu huanza kuiona ni ya kweli zaidi, iwe ni kweli ama ni uongo. Ukiandika "mimi si mwizi, sijala pesa ya mtu, wala sina uhusiano na mwenye ploti," umeweka neno mwizi na neno mwenye ploti kwenye simu 20, kwa mkono wako, mahali ambapo yatasomwa mara nyingi. Baada ya miezi miwili msomaji atakumbuka maneno hayo kuliko atakavyokumbuka lile "si." Na ujumbe wa WhatsApp haukai ndani ya chama. Utapigwa picha, utapelekwa kwa dada wa mtu kule Free Area au kwa shemeji Njoro, na huko utasomwa na watu wasiokujua, ambao wewe kwao ni habari tu.

Basi ninyamaze, utasema. Hapana. Hofu yako kwamba kimya kitasomwa kama kukubali ina ukweli wake, kwa upande wa pesa. Mtu aliyeshika mali ya wengine akinyamaza anapoulizwa, kimya chake kinaongeza lile giza lililozaa uvumi. Sisi wenyewe tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja, na nimeona ikiwaumiza wengi, kwa maana inampa msikilizaji ruhusa ya kuamini bila kuuliza. Kwa hiyo kwa pesa, ongea. Lakini jibu giza lenyewe, usiujibu uvumi. Nitakuonyesha tofauti yake.

Anza kwa mwenyekiti na katibu. Usiende kujitetea kwao, nenda kuwaomba kikao cha hesabu, na hesabu iwe ajenda peke yake. Waambie maneno machache: "Nataka kuwaonyesha wanachama pesa zilivyoingia na kutoka tangu mwezi wa tano." Ukianza kulia au kueleza nani kasema nini, wao pia watakuwa wasikilizaji wa umbea, na unawahitaji wawe viongozi.

Kisha andaa ushahidi. Kama michango ilipitia laini yako ya M-Pesa, omba taarifa ya kipindi hicho. Ukipiga *334# utaona sehemu ya akaunti yako, na taarifa hiyo hutumwa kwa barua pepe. Itakuwa na mambo yako mengine yote, karo ya shule, duka, kodi. Hayo hayahusu kikao, yapigie mstari mweusi kabla ya kutoa nakala. Halafu kaa na daftari uandike wiki ile moja kwa safu tatu: siku, kilichoingia, kilichotoka. Tuseme ilikuwa hivi. Jumapili wanachama 17 walileta, hiyo ni 8,500. Jumatatu mmoja akaleta, ikawa 9,000. Jumatano mwingine, 9,500. Alhamisi wa mwisho akaleta, ikatimia 10,000, na jioni hiyo hiyo zikatumwa kwa mwenzenu. Ni mistari minne na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifuata. Usiipambe. Hesabu yenye maelezo mengi inaonekana kama inaficha kitu.

Kikaoni usiseme, "Nimesikia mnasema nimekula." Ukianza hivyo umeufanya uvumi kuwa ajenda, na kila mtu atajitetea kwamba si yeye. Anza na ukweli: "Hizi hapa pesa za wiki ile, siku kwa siku. Nawaomba wawili kati yenu wazihesabu wenyewe." Mpe daftari na ile taarifa mtu unayejua ana mashaka, si rafiki yako. Rafiki akisema hesabu ni sawa hakuna atakayejali. Mwenye mashaka akisema ni sawa, kazi imekwisha, na ataisema hata mahali ambapo wewe haupo.

Halafu useme kosa lako, maana lipo, ingawa si lile unalosingiziwa. Uliwaacha siku nne bila habari. Sema hivyo hivyo: "Nilipaswa kuwaambia Jumapili kwamba pesa zimepungua 1,500, na kumpa mwenzetu zile 8,500 siku hiyo hiyo. Sikufanya hivyo." Usiongeze "lakini." Najua inauma kukubali kosa mbele ya watu wanaokuita mwizi, na wengine watakushauri usikubali lolote. Mimi nimeona mara nyingi kwamba kukubali kosa dogo la kweli ndiko kunakowafanya watu waamini unapokana kosa kubwa la uongo. Hapo hapo pendekeza utaratibu mpya: kila Jumapili jioni ujumbe mmoja kwenye grupu, nani ametoa, nani bado, kiasi gani kimetumwa na kwa nani. Pendekeza pia laini au akaunti ya chama peke yake. Pesa za wengine zikikaa na zako kwenye simu moja, siku moja utaonekana mwizi hata ukiwa malaika.

Ukiulizwa friji, jibu sentensi moja: "Nililipia kwa awamu, likaisha, likaletwa." Basi. Usitoe risiti za friji. Ukitoa za friji leo, kesho utaulizwa za viatu vya mtoto, na utakuwa umekubali kwamba chama kina haki ya kukagua nyumba yako. Haki yao inaishia kwenye daftari lao.

Kuna hali moja inayobadilisha ushauri huu, na lazima niiseme ingawa sikushuku. Kama katika siku zile nne ulichukua hata mia tano ukaitumia ukairudisha, usiende kikaoni ukiwa na hesabu safi. Mwambie mwenyekiti kwanza, na uliseme mwenyewe kikaoni kabla halijaonekana kwenye taarifa. Wanachama wengi husamehe pesa iliyokopwa na kurudishwa. Ila wakigundua ulisimama mbele yao ukaficha, hutaaminiwa tena, hata ukija kusema kweli tupu.

Utajuaje kikao kimefaulu? Usitegemee kuombwa msamaha, hilo hutokea mara chache. Angalia maswali. Yakianza kuwa ya kawaida, zamu yangu ni lini, nani hajatoa, laini mpya inasajiliwa kwa jina la nani, basi giza limeondoka. Wakibaki mmoja au wawili wanaoendelea kusema umekula baada ya kushika daftari kwa mikono yao, hao ndio wenye fitina sasa. Hao usiwajibu tena kwa hesabu. Mwenyekiti awaulize mbele ya wote: kama kuna shilingi inayokosekana, ni ipi na ni ya siku gani?

Sasa mwenye ploti. Hapa hakuna daftari. Huwezi kuthibitisha kwamba jambo halikutokea, na kila unachosema kitapimwa upya: ukikasirika, imekugusa, ukicheka, huna aibu, ukiacha kumsalimia mwenye ploti, mnajificha. Kwa hiyo kwa umma usiseme lolote. Endelea kumsalimia mzee huyo ulivyokuwa ukimsalimia, mahali pa wazi, na kodi itume kwa M-Pesa badala ya kumpa mkononi, ili kila mwezi uwe na kumbukumbu. Ukichelewa, omba muda kwa ujumbe wa simu. Hayo ni kwa usalama wako, si maonyesho kwa majirani.

Yuko mtu mmoja mwenye haki ya kuuliza na kujibiwa, naye ni mumeo. Usimjibu kwa simu. Sauti ya simu haina uso, na mtu aliye mbali Naivasha usiku ana muda mwingi wa kujaza mapengo. Mwambie, "Ukija wikendi nataka tuongee, kuna maneno yanasemwa na nataka uyasikie kwangu." Akija, mweleze yote kwa mpangilio, pesa kwanza kisha mwenye ploti, bila kungoja aulize. Hilo la kodi lina sehemu inayoweza kuonyeshwa: mfungulie simu aone ulivyolipa na ulivyochelewa. Ukimwonyesha yeye, mnaelezana kama mtu na mumewe. Ukimwonyesha jirani, umejipeleka kizimbani mwenyewe. Mwache aulize hata maswali ya kijinga, na ujibu kila moja mara moja. Mwombe asiende kumkabili mwenye ploti. Atakuwa amewapa watu sinema, na nyumba mnaweza kuikosa. Iwapo mazungumzo yataelekea kwenye vitisho au mkono kuinuliwa, acha kueleza na uondoke pale. Simu ya 1195 haina malipo na hupokelewa usiku na mchana kwa mambo ya ukatili wa kijinsia.

Na mtafute jirani mmoja unayemwamini, mtu mwenye heshima kwenye ploti, umweleze kwa kifupi. Si lazima akupiganie. Watafiti waliosikiliza mazungumzo ya vijana shuleni waliona kwamba umbea huamuliwa mapema sana: msikilizaji wa kwanza akiunga mkono, wengine wote hufuata, lakini akipinga mapema, mara nyingi maneno hubadilika njia. Inatosha huyo jirani aseme, "Hilo mimi sijaliona, na sioni linatuhusu nini," kisha aulize bei ya nyanya. Neno moja la mtu asiye na faida kwenye jambo lako lina uzito kuliko utetezi wako wa saa nzima.

Bado kuna mferejini, na najua hapo ndipo panapokuumiza kila asubuhi. Ukiwaona wananyamaza, moyo unaanza kudunda, koo linakauka, mikono inakuwa myepesi. Huo ni mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia, na katika hali hiyo mdomo hutangulia akili. Huwezi kuuzuia mwili usishtuke. Unachoweza ni kuupa muda. Kabla ya kufika, vuta pumzi ya kawaida halafu uitoe polepole, kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta, mara nne au tano. Kisha salimia wewe wa kwanza, kwa majina, mama fulani, mama fulani. Jaza ndoo yako. Usiharakishe na usikawie. Mtu akitupa neno, uwe na sentensi moja iliyoandaliwa: "Ya chama ni Jumapili, daftari litakuwa mezani." Akirudia, rudia hiyo hiyo kwa sauti ile ile. Sentensi moja isiyobadilika haina mahali pa kushikwa, lakini ukiupa mdomo uhuru utasema kumi, na katika hizo kumi moja itabebwa.

Nikutoe hofu kidogo pia: si kila kimya kinakuhusu. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2000, wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya kuaibisha wakaingizwa chumbani penye wenzao. Walidhani karibu nusu ya watu waliitambua. Kwa kweli ilikuwa kama robo. Sisemi mferejini Kaptembwo ni sawa na chumba cha chuo kikuu, ploti ina macho yake. Lakini aliyeaibishwa huhesabu macho mengi kuliko yaliyopo, na wengine wanaonyamaza wananyamaza kwa sababu hawajui wakuambie nini.

Usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu ukijilazimisha usifikirie jambo, linarudi na nguvu. Hapo ndipo ile karatasi inapoingia. Kaa mapema jioni, dakika 15 hivi, umwandikie kila mmoja ulichotaka kumwambia, matusi na yote. Usiandike kwenye simu. Ukimaliza, chana au choma kwenye jiko. Fanya hivyo siku tatu nne. Kuandika hakufuti maumivu, lakini yale maneno yanayozunguka kichwani yakishakaa kwenye mstari yanakoma kuzunguka kwa kasi ile. Ukiona kuandika kunakuzidishia hasira badala ya kuipunguza, acha, njia hii haimfai kila mtu.

Kuhusu sheria, kwa kuwa najua kuna mtu atakwambia umpeleke mtu polisi. Kumsema mtu vibaya peke yake si jinai tena kama zamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kilichobaki ni kesi ya madai chini ya Sheria ya Kashfa, na lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu maneno yaliposemwa. Itahitaji wakili, mashahidi walio tayari kusimama, na kila kitu kitasomwa tena mahakamani kwa sauti. Kwa maneno ya mferejini sikushauri. Lakini kama mtu ameyaandika mtandaoni kwa jina lako, au umepoteza kazi au wateja kwa sababu yake, piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, andika majina ya waliosikia, na umwone wakili mapema. Vitisho ni jambo tofauti, hivyo ripoti polisi. Kwa ugomvi wa chama wenyewe, angalieni katiba yenu inasema nini juu ya migogoro. Kama mmesajiliwa, afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo anaweza kukaa nanyi, na hata chifu husaidia kuwakutanisha, mradi uende na daftari na usiende na orodha ya waliokusema.

Umeniambia habari za wengine wote, hukusema unalalaje wala unakulaje. Kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekatika, chakula hakipiti, umeacha kwenda sokoni au kanisani ili usikutane na watu, au unajiona huna thamani, usingoje kikao kikutibu. Muone mshauri ana kwa ana. Hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru ina huduma za afya ya akili, na kwenye kituo cha afya kilicho karibu unaweza kuomba kuelekezwa. Wazo la kutaka kufa likikujia, hata mara moja, mwambie mtu siku hiyo hiyo, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Na kama mumeo atakubali, njooni wawili kwa mshauri baada ya kuongea wikendi hiyo, kabla hajarudi Naivasha. Kwenye kikao cha chama mwache nyumbani. Akija kukutetea, hesabu itageuka kuwa mambo ya ndoa yenu.